Bajeti ya kusogezwa, bajeti ya kuanzia sifuri, na gharama ya idara ya TEHAMA

"Kwetu bajeti husogezwa mbele kila robo mwaka. Sasa mkurugenzi wa fedha anataka kila idara ianze kuandika kutoka sifuri. Mimi ninaongoza TEHAMA, idara isiyouza chochote. Je, gharama yangu itapungua kweli, au itahamia kwa wengine?"

Yote mawili yanaweza kutokea ndani ya mwaka mmoja, na njia nzuri ya kuyaona ni kufuata hesabu ya idara moja. Tuseme kampuni ya usambazaji wa bidhaa ina makao makuu Dar es Salaam na matawi sita mikoani, na idara yake ya TEHAMA inatumia shilingi milioni 600 kwa mwaka. Mishahara inachukua milioni 280, leseni za programu milioni 120, intaneti milioni 90, mkataba wa matengenezo na kampuni ya nje milioni 60, na vifaa milioni 50. Takwimu hizi ni za mfano, ila mhasibu yeyote aliyewahi kukaa na idara ya namna hii ataitambua sura yake.

Katika bajeti ya kusogezwa, robo moja ikiisha huondolewa, na robo nyingine huongezwa mwishoni, hivyo kampuni daima ina miezi 12 mbele yake. Uzuri wake huonekana kwenye kasma ambazo bei zake zinapangwa nje ya kampuni. Leseni za mfano wetu hulipwa kwa dola, 48,000 kwa mwaka, na milioni 120 ilipatikana kwa kukadiria dola moja kuwa shilingi 2,500. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,600 katikati ya mwaka, na kufikia Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Idara inayopitia makadirio yake kila baada ya miezi mitatu iliweza kurekebisha kasma hiyo mara mbili bila kuomba kibali cha dharura. Idara iliyofunga bajeti yake mara moja kwa mwaka ingebaki na pengo kwanza, na baadaye na ziada ambayo, kama ijulikanavyo maofisini, hutafutiwa matumizi kabla hesabu hazijafungwa.

Tatizo linajificha katika ile robo inayoongezwa mwishoni. Mara nyingi mwandaaji hana muda wa kuifikiria, basi huchukua robo iliyotangulia na kuipandisha kidogo, tuseme asilimia 1.5, kwa ajili ya mfumuko wa bei. Robo ya milioni 150 inakuwa milioni 152.3, kisha 154.5, kisha 156.9, kisha 159.2. Baada ya kusogeza mara nne, bajeti ya miezi 12 ijayo imefika karibu milioni 623. Milioni 23 zimeingia, na hakuna kikao kilichowahi kuombwa kuziidhinisha, kwa sababu kila mara kilichokuwa mezani ni nyongeza ya milioni mbili na ushei, kiasi ambacho hakuna mkurugenzi atakayekigombania alasiri ya Ijumaa.

Katika kiwanda au ghala kosa hilo hujirekebisha, maana kasma ya mafuta ya malori hulinganishwa na kilomita zilizosafiriwa, na mauzo yakishuka kilomita hushuka. Idara saidizi haina kipimo cha aina hiyo. Gharama ya TEHAMA haifuati mauzo ya mwezi. Hufuata ahadi zilizorundikana miaka iliyopita, yaani mikataba, akaunti na mazoea, na kusogeza bajeti ni kuzihuisha ahadi hizo mara nne kwa mwaka bila kuzisoma.

Hapo ndipo bajeti ya kuanzia sifuri ilipopata nafasi yake. Peter Pyhrr, aliyeitumia katika kampuni ya Texas Instruments mwishoni mwa miaka ya 1960, aliielekeza kwenye idara za watumishi na utafiti, kwa kuwa gharama za uzalishaji tayari zilikuwa na viwango vya kukokotolea. Watu wengi huisahau asili hiyo, wakaishia kuitumia kila mahali.

Utaratibu wake ni huu. Idara hugawanywa katika huduma inazotoa, na kila huduma huandikiwa kifurushi cha uamuzi kinachoeleza inafanya nini, kwa ajili ya nani, kwa gharama gani, na nini kitatokea ikiondolewa. Kila kifurushi huwa na ngazi, kuanzia kiwango cha chini kabisa ambacho chini yake huduma haina maana. Kisha vifurushi vyote hupangwa kwa umuhimu, na mstari huchorwa pale fedha zinapoishia. Kwa mfano, huduma ya kuwasaidia watumiaji wa kompyuta inaweza kuwa na ngazi ya kwanza ya mafundi wawili makao makuu kwa milioni 46, ngazi ya pili ya fundi mmoja anayezunguka matawini kwa milioni 34 pamoja na safari zake, na ngazi ya tatu ya zamu za jioni na Jumamosi kwa milioni 18.

Kifurushi cha leseni ndicho kinachoonyesha faida ya zoezi hili kwa uwazi zaidi. Ili kukiandika, mkuu wa idara analazimika kujibu swali ambalo bajeti ya kusogezwa haikuwahi kumuuliza: leseni ngapi, na za nani? Anachukua orodha ya akaunti kutoka kwenye mfumo na kuiweka kando ya orodha ya mishahara. Akaunti zinazolipiwa ni 300, kila moja dola 160. Wafanyakazi wanaotumia kompyuta ni 240. Akaunti 60 ni za watu waliokwisha kuacha kazi, pamoja na chache zilizofunguliwa kwa ajili ya mafunzo ya wiki mbili na kusahauliwa. Ni dola 9,600, yaani milioni 24, zaidi kidogo ya kile kilichoingia kimyakimya kwa kusogeza. Hakuna huduma iliyopungua, na hakuna aliyeumia.

Kwa akiba ya namna hii, zoezi hilo ni la haki. Shida huanza pale mkurugenzi, akiwa amefurahishwa na milioni 24, anapochora mstari juu ya ngazi ya pili na kumwondoa fundi wa matawini. Kwenye karatasi TEHAMA imeokoa milioni 34 nyingine. Sasa chukua tawi la Mwanza, asubuhi ya Jumatatu: printa ya hati za kupeleka mizigo imekwama, lori limeshapakiwa, na dereva hawezi kutoka getini bila hati. Msimamizi wa ghala hapigi simu Dar es Salaam, kwa kuwa anajua hakuna atakayekuja. Anamwita fundi wa mtaani, anamlipa taslimu, na risiti inaingia kwenye kasma ya tawi iitwayo matengenezo madogo. Kila tawi likitumia shilingi 450,000 kwa mwezi kwa njia hiyo, matawi sita yatakuwa yametumia milioni 32.4 kwa mwaka. Kampuni imeokoa milioni 1.6, na bado hatujahesabu saa za lori lililosimama, wala hatari ya mtu asiye na mkataba kufungua kompyuta zenye taarifa za wateja.

Kinachosumbua ni kwamba taarifa za TEHAMA zenyewe zitaonyesha hali njema. Tiketi za matawini, yaani maombi ya msaada yanayoandikishwa TEHAMA, zitapungua, gharama ya idara itakuwa imeshuka, na mkuu wake anaweza hata kupongezwa. Dalili ya kweli iko kwenye vitabu vya watu wengine: matengenezo madogo, malipo ya taslimu yasiyo na mkataba, vifaa vinavyonunuliwa na tawi lenyewe. Bajeti ya kuanzia sifuri huchunguza idara mojamoja, na kwa umbo lake haioni gharama inayovuka ukuta. Katika hili bajeti ya kusogezwa ina nafuu kidogo, kwani matawi nayo yanapitia makadirio yao kila robo, na kasma inayovimba itaonekana ndani ya miezi mitatu au sita badala ya kungoja mwaka uishe. Itaonekana, nakubali, ikiwa kuna mtu anayesoma bajeti za matawi na ya TEHAMA kwa pamoja. Kampuni nyingi hazina mtu huyo.

Kuna pia gharama ya zoezi lenyewe. Idara yenye huduma 12, kila moja na ngazi tatu, inaandika maelezo 36, na wanaoyaandika ni watu walewale wanaopaswa kufanya kazi. Jimmy Carter alipoipeleka njia hii katika serikali ya jimbo la Georgia mwanzoni mwa miaka ya 1970, vifurushi vilizidi 10,000, idadi ambayo gavana hawezi kuisoma kwa uangalifu. Akiwa rais aliiagiza kwa serikali ya shirikisho mwaka 1977, na mwaka 1981 serikali ya Reagan ikaiacha. Likirudiwa kila mwaka, zoezi hugeuka kuwa la kunakili: kifurushi cha mwaka jana hubadilishwa tarehe, na sifuri inabaki kwenye kichwa cha karatasi tu. Wakuu wa idara pia hujifunza haraka kuweka huduma inayopendwa na wakubwa chini ya orodha, wakijua haitakatwa, ili ile wanayoitaka wao ibebwe juu ya mstari.

Kwa maoni yangu, kampuni ya ukubwa huu haina haja ya kuchagua njia moja kwa idara nzima. Kasma zinazotegemea bei na idadi, kama leseni na intaneti, zisogezwe kila robo, kwa sharti kwamba robo mpya iandikwe bila asilimia yoyote ya kupandisha isipokuwa pale mkataba unapotaja ongezeko. Huduma zenyewe zianzie sifuri kwa zamu, theluthi moja kila mwaka, ili kila kifurushi kiandikwe upya baada ya miaka mitatu na kipate msomaji. Ngazi zinazowahudumia wengine, mfano fundi wa matawini, zisikatwe na mkurugenzi peke yake. Matawi yaulizwe kwanza kama yako tayari kuchangia milioni 34 kutoka kwenye kasma zao, yaani takribani milioni 5.7 kila moja. Tawi linalotumia milioni 5.4 kwa fundi wa mtaani na bado lori linalala getini huenda likajibu tofauti na mkurugenzi anavyodhani. Na likikataa, basi ngazi hiyo haikuwa na mteja.

Kwa aliyeuliza, kazi ya kwanza ifanyike kabla ya kuandika kifurushi chochote. Mwombe mhasibu mkuu jumla ya matengenezo madogo na malipo ya taslimu ya kila tawi kwa miezi 12 iliyopita, mwezi kwa mwezi, na uihifadhi. Fundi akishaondolewa, kila mtu atasema kasma hiyo ilikuwa hivyo tangu zamani, na bila takwimu hizo hutakuwa na la kumjibu.