Swapu ya uso: mbele ya etalonaji ao nyuma?

"Kaka, niko na klipu ya msanii, tulifilme na S-Log3 pale ku beach, kuko plani tatu zenye dublu njo alicheza na sasa nataka kuweka uso wa msanii. Swapu nifanye mbele ya etalonaji ao nyuma? Na nifanye aje klipu yote ikuwe na look moja?"

Hapa Goma bamontere bamegawanyika juu ya hii kitu na kila upande iko na sababu yake, mimi sioni kama kuko wajinga mu ile mabishano. Shida ni kwamba banasemaka "etalonaji" kama vile ni kazi moja, kumbe ni mbili. Kuko kusawazisha, yani kutoa log kuleta mu rangi ya kawaida, kurekebisha mwangaza na balansi ya nyeupe, na kuko kuweka look, ile bluu mu kivuli, ile chungwa mu ngozi, giza ya pembeni, greni. Ukishazitenganisha, swali lako linabadilika.

Wenye kusema mbele banasema hivi: ukiswapu kwanza, uso, shingo, shati na ziwa nyuma yake vyote vinapita mu look moja, kwa hiyo vinashikana. Ni kweli. Na kuko faida ingine yenye inaonekanaka siku ya kuleta kazi, msanii anaangalia anasema punguza bluu, wewe unagusa nodi moja basi, uso unafuata na vingine. Mwenye aliswapu nyuma ya look yeye anarudia swapu yote upya, na kurante yetu unaijua.

Lakini wewe ulifilme na S-Log3, hapo njo ile "mbele" inavunjika. Programu za swapu zilifundishwa na picha za kawaida, si na picha ya kijivu yenye haina kontrasti. Ukiipa log, inaweza kukurudishia uso wenye umefifia vibaya, ao kivuli cha pua kinakaa fasi haiko yake, ao plani ingine inakosa kabisa kuona uso. Halafu kuko bit. S-Log3 inaweka nyeusi ku 95 na karatasi nyeupe ku 598, ku mizani ya 10-bit yenye inafika 1023. Programu nyingi za swapu zinakutolea 8-bit, ngazi 256 tu, na hapo kati ya nyeusi na ile nyeupe unabakia na kama 126. Ukikuja kuvuta kontrasti juu ya ile, shavu na paji la uso vinaanza kuonyesha mistari ya ngazi ngazi, na sisi wenye ngozi nyeusi inaonekana zaidi juu rangi yetu inakaa chini, fasi ngazi ziko kidogo.

Wenye kusema nyuma nabo: swapu inaona picha nzuri, kontrasti iko, na chenye unaona njo chenye utapata. Sawa, lakini look kali inaharibu vitu mbele swapu haijaviona. Ukishaponda nyeusi, macho ya dublu yanaingia mu shimo na programu inabahatisha. Na greni: modeli moja yenye watu wengi wanatumia, inswapper_128, inatengeneza uso wa piksel 128 kwa 128, kisha unavutwa kufikia ukubwa wa ku ekra. Mu plani ya karibu yenye uso unachukua piksel 500, umevutwa karibu mara ine, unakuwa laini, na kama greni ulishaiweka mbele, video yote inatetemeka na ule uso unakaa kimya kama stika. Mutu hata hajui etalonaji atasikia kuko kitu.

Kwa hiyo mimi nakata hivi: sawazisha, swapu, kisha look. Kwa plani zako tatu, mu DaVinci Resolve, nodi ya kwanza unaweka Color Space Transform, kutoka S-Gamut3.Cine na S-Log3 kwenda Rec.709. Ile iliyofilmiwa chini ya muti itakuwa na ukijani juu ya majani, ile ya ku maji itakuwa na bluu ya mbingu, zilinganishe sasa hivi, usiache look ikusaidie, haitasaidia. Unaeksporte hizo bila look, bila greni, unaswapu, unarudisha ile video juu ya orijinali ku layn ya pili.

Mbele ya kuendelea fanya kitu kimoja: weka layn ya juu mu Difference. Picha yote inapaswa kuwa nyeusi, uso peke yake njo unaonekana. Kama kila fasi kuko mwanga kidogo, ni kwamba programu iligusa rangi ya video yote, kwa kawaida ni juu ya kusoma vibaya kiwango cha video, na lazima utengeneze pale kwanza. Kama unaona mistari ku mikono yenye inatembea, fremu hazilingani, moja imeruka. Ikishakuwa safi, kata maski ya uso tu na kingo laini, vingine vyote vibakie orijinali ya 10-bit. Na angalia sana, huyu uso ulishatoka Rec.709, usiupitishe tena mu Color Space Transform. Hapo njo watu wanaangukaka, uso unatoka umeungua, kontrasti mara mbili, halafu wanasema swapu ni mbaya.

Sasa uso na shingo. Zima rangi, saturasyo ku sifuri, linganisha mwangaza peke yake, juu hizi programu zinaweza kukuletea uso wenye umeng'aa kuliko shingo. Ukimaliza, panda saturasyo zaidi ya kawaida kwa muda, tofauti ya wekundu ao umanjano itajionyesha yenyewe, rekebisha, kisha rudisha. Usifanye kwa fremu moja, peleka mpaka pale dublu anageuza kichwa, pale maski inachokaka.

Look inakuja mwisho, mu Adjustment Clip moja yenye inafunika klipu yote, uso na orijinali chini yake. Mu ile look usichague ngozi kwa rangi, ile kuchagua kwa kolorpiki, juu ngozi ya swapu ni laini kuliko ya shingo na chaguo litashika moja liache ingine, litakuwa linawaka na kuzima. Greni juu ya vyote. (Na dublu wako asaini kwamba anajua sura yake inabadilishwa, msanii pia, hiyo si ya kusahau.)

Kuko kesi moja yenye nakubaliana na ba "nyuma": unaletewa mp4 yenye ilishapakwa look na ruse hazipatikani tena. Hapo huna namna ya kurudisha log. Swapu juu ya ile ile, linganisha uso na shingo kwa mkono, ongeza greni ku uso peke yake mpaka ifanane na ya pembeni, na mwambie kliyenti mapema kwamba akitaka kubadilisha look kwa nguvu, kuna uwezekano mutarudia swapu mwanzo.