Mahali palipozibwa kwa wino mweusi, usiweke nukta tatu

Kuna tabia imeenea kwa watu wanaonakili barua zilizopigwa picha ili zisomeke kwenye simu. Wakifika mahali ambapo maneno yamezibwa kwa mstari mnene mweusi, wanaweka nukta tatu na kuendelea. Wengine wanaandika "haisomeki". Mimi naona yote mawili yanampotosha msomaji, ingawa hakuna aliyekusudia kumdanganya. Nukta tatu zinamwambia kwamba mnakili ameruka maneno yasiyo na uzito. "Haisomeki" inamwambia kwamba karatasi imechakaa au mwandiko ni mbaya. Hakuna hata moja inayomwambia ukweli, kwamba mtu alishika kalamu akaamua maneno haya yasionekane.

Wasomi wanaonakili maandishi ya kale kwenye mawe walilitambua tatizo hili zamani. Katika utaratibu wao uliokubaliwa mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1931, maandishi yaliyopotea kwa jiwe kuvunjika yanawekewa mabano ya mraba ya kawaida. Yaliyofutwa makusudi, kama jina la mtawala aliyeangushwa, yanawekewa mabano mawili mawili, [[ ]]. Ukitazama alama tu unajua kama ni mvua au ni mtu.

Kwa barua za siku hizi naongeza swali moja: ni mtu gani? Barua nyingi zinazozunguka mitandaoni zimepita mikono miwili au mitatu, na kila mkono unaweza kuwa umeziba chake.

Chukua barua ambayo FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilimtumia Martin Luther King Novemba 1964 bila kutaja jina la mtumaji. Ni ukurasa mmoja uliopigwa taipu, uliofungwa pamoja na kanda ya sauti, unaomtukana na kumpa siku 34 achukue hatua, kwa maneno ambayo yeye na wenzake waliyaelewa kuwa ni kumtaka ajiue. Kwa miaka mingi watu waliijua barua hiyo katika nakala zilizozibwa sehemu kubwa. Mwaka 2014 mwanahistoria Beverly Gage alichapisha nakala kamili aliyoikuta kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani, katika mafaili ya J. Edgar Hoover, aliyekuwa mkuu wa FBI. Lakini hata hiyo "kamili" ina sehemu moja iliyozibwa. Gazeti la New York Times, lililoichapisha, lilificha jina moja la mwanamke kwa sababu halikuweza kuthibitisha wala kukanusha yaliyodaiwa juu yake.

Sasa mnakili anayeweka nukta tatu kwenye nakala zote mbili amefanya nini? Amechanganya serikali iliyoficha mambo yake na gazeti lililomsitiri mtu, na msomaji hana tena namna ya kuwatofautisha.

Mkono wa nani mara nyingi unaonekana ukiikuza picha. Kama karatasi yenyewe ilipakwa wino kabla ya kupigwa picha, mstari mweusi unafuata karatasi. Karatasi ikiwa imelala upande, mstari nao umelala, na penye mkunjo nao unapinda. Kalamu ya wino mnene huacha michirizi inayopandana, na kingo zake hazijanyooka sawasawa. Mstari uliowekwa na programu ya simu baada ya kupiga picha ni mweusi mmoja tu, hauna chembe za karatasi, na umenyooka sambamba na ukingo wa picha hata kama barua imelala. Ukiona barua imeinama kidogo na mstari mweusi haukuinama nayo, ujue umewekwa baadaye. Kuna pia nakala iliyozibwa, ikatolewa fotokopi, ndipo ikapigwa picha. Hapo mstari unafuata maandishi lakini michirizi imepotea, na kitu pekee unachoweza kusema ni kwamba ulikuwepo kabla ya picha. Usilazimishe zaidi ya hapo.

Na si kila weusi ni kuficha. Kivuli cha kidole, doa la wino, ukingo wa fotokopi, vyote huja vyeusi. Doa halijali mistari ya barua, linamwagika litakako. Mtu anayeficha huanza pale neno linapoanza na kuishia linapoishia, na neno lilelile likirudi chini nalo limezibwa.

Tuseme una picha ya barua ya ofisi kuhusu kiwanja, na mstari mmoja umezibwa sehemu mbili, ya kwanza kwa kalamu na ya pili kwa programu, na kona ya chini imechanika. Mimi ningeinakili hivi:

```
Kiwanja hicho aligawiwa Bw. [[limezibwa kwa kalamu
kwenye karatasi, kama maneno 2]] wa [[limezibwa kwenye
picha, kama neno 1]], na malipo yalifanyika tarehe
[karatasi imechanika]
```

Angalia kwamba sikuandika "jina limezibwa". Baada ya "Bw." ni karibu hakika kwamba ni jina, lakini hilo ni wazo langu, na msomaji anaweza kuliwaza mwenyewe. Aina ya kilichofichwa naitaja pale tu karatasi yenyewe inapoitaja. Mafaili ya serikali ya Marekani hufanya hivyo, maana sheria yao ya kupata taarifa inataka kiasi kilichoondolewa na kifungu kilichotumika vionyeshwe kwenye nakala inayotolewa. Ndiyo maana kando ya weusi unakuta `(b)(6)`, yaani faragha ya mtu, au `(b)(1)`, yaani usalama wa taifa. Ukikuta alama hizo zinakili jinsi zilivyo. Zina thamani kuliko maelezo yako.

Nasema "kama maneno 2" na siendi mbali zaidi. Barua ya taipu ina kishawishi chake, kwa kuwa kila herufi ina upana uleule, hivyo ukihesabu herufi za mstari wa juu unapata idadi ya zilizofichwa chini yake. Mwaka 2004 watafiti David Naccache na Claire Whelan walionyesha hatari ya kupima neno lililozibwa kwa kutumia hati ya Ikulu ya Marekani ya Agosti 2001. Walipima upana wa neno moja lililozibwa, wakapitisha kamusi nzima kwenye kompyuta, na yakabaki maneno machache yanayoingia pale. Walihitimisha kuwa ni neno la kutaja Misri. Kama neno lililofichwa ni jina la shahidi au la mtoto, hesabu yako ya herufi imefanya nusu ya kazi ya anayemtafuta.

Jambo la kiufundi linalosahaulika ni vile vibonge vyeusi, █████, ambavyo watu hupenda kuvichapa kwa sababu vinafanana na picha. Kwa asiyeona, programu ya kusoma skrini ama inavitaja kimoja kimoja au inavipita kimya, kutegemea programu yenyewe. Maneno ndani ya mabano yanasomeka kwa wote, na hayapotei mtu akiyanakili kwenda WhatsApp. Ubaya zaidi ni wale wanaochapa neno lenyewe kisha kulipaka rangi nyeusi nyuma na mbele. Kidole kimoja kikilibonyeza na kulinakili, neno lote linatoka.

Ikitokea siku moja nakala isiyozibwa ikapatikana, usifute mabano ya zamani na kujaza maneno. Weka nakala mpya kando ya ile ya kwanza, na tarehe ya kila moja. Barua ya King inasomwa leo kwa namna hiyo: kilichoandikwa ni ushahidi mmoja, na orodha ya walichoamua kukiziba ni ushahidi wa pili, ambao unapotea kabisa ukijaza mapengo na kutupa nakala ya zamani.