Vibawa vya ncha: Luano vinalipa nini, na wapi havilipi

"Ndugu, zile pembe zenye kusimama ku ncha ya mabawa ya ndege zinasaidia kweli, ao ni urembo ya kuuzisha ndege? Mbona Boeing 777 haina?"

Pembe hizo, yaani vibawa vya ncha, zinasaidia, ila si kwa sababu inayotajwa mara nyingi. Wengi husema kibawa cha ncha "kinaua" kisulisuli kinachozunguka nyuma ya bawa. Hakikiui. Ndege ya tani 70 lazima isukume hewa chini ili ibaki juu, na hewa iliyosukumwa chini katikati hupanda pembeni, huko nje ya ncha. Mzunguko huo ndio kisulisuli, na utakuwepo maadamu ndege inaelea. Ndiyo maana waongozaji wa ndege hawapunguzi umbali kati ya ndege mbili zinazofuatana eti kwa sababu ya mbele ina vibawa. Wanaangalia hasa uzito wake.

Kinachobadilika ni gharama ya kunyanyua. Hewa iliyo chini ya bawa ina shinikizo kubwa kuliko ya juu, hivyo karibu na ncha hutiririka kwenda nje upande wa chini, na kurudi ndani upande wa juu. Kibawa kilichosimama kwenye ncha hupokea mtiririko huo wa ndani kwa mshazari, na nguvu inayozaliwa juu yake huelekea ndani na mbele kidogo, kama tanga la jahazi linalokwenda mbele kwa upepo wa ubavuni. Pamoja na hilo, kibawa hutawanya kisulisuli katika eneo pana zaidi, na bawa zima huinamisha hewa kidogo kuliko awali. Richard Whitcomb wa NASA alichapisha kazi yake juu ya jambo hili mwaka 1976.

Wapinzani wa vibawa wana hoja nzito, na swali la 777 ndilo mlango wake. Ukinzani unaotokana na kunyanyua, yaani nguvu ya hewa inayoivuta ndege nyuma, hufuata hesabu hii:

D = W² / (q · π · e · b²)

W ni uzito, b ni upana kutoka ncha hadi ncha, q ni msukumo wa hewa utokanao na kasi, na e ni kipimo cha jinsi mzigo wa hewa ulivyogawanyika vizuri kwenye bawa. Upana umezidishwa kwa wenyewe, na mita moja ya bawa iliyolala ina faida kama maradufu ya mita moja iliyosimama. Mwenye nafasi ya kurefusha bawa arefushe. 777-300ER ilirefushwa kwa ncha zilizochongoka na kuelekea nyuma, na 777X ina ncha zinazokunjwa: mita 71.8 hewani, 64.8 ikiwa chini, ili iingie katika maegesho ya ndege zisizofika mita 65.

Boeing 737-800 haina uhuru huo. Kundi lake la maegesho linaishia chini ya mita 36. Bawa lake la asili lina mita 34.3, na kwa vibawa vya kwenda juu mita 2.4 hivi linafika 35.8. Anayesema "wangerefusha tu bawa" anasahau kwamba waliishiwa nafasi pembeni wakabaki na ya juu. Tena bawa refu hulemea shina lake, likahitaji metali zaidi. R. T. Jones, naye wa NASA, alionyesha mwaka 1980 kwamba ukilinganisha mabawa yenye mzigo sawa wa kukunja, kurefusha na kusimamisha hukaribiana sana.

Hadi hapa mjadala huwa juu ya mafuta angani, na hapo namba ni za wastani. Katika mwendo wa juu, karibu asilimia 40 ya ukinzani wote hutokana na kunyanyua. Punguza sehemu hiyo kwa moja ya kumi, umepata kama asilimia 4, kabla hujatoa uzito na msuguano wa kibawa chenyewe. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, ni faida halali lakini haishangazi.

Mimi nadhani watu wetu wanapima mahali pasipofaa. Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, uko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa ya pale imepungua uzito kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani penye nyuzi 15. Injini inavuta hewa nyepesi, nayo inatoa nguvu kidogo. Na sheria haijali joto: ndege ya injini mbili, injini moja ikifa wakati wa kuruka, lazima baada ya magurudumu kuingia ndani iweze kupanda mita 24 kwa kila mita 1,000 za mbele. Ikishindwa, mzigo unashushwa kabla ya kuondoka.

Chukua 737-800 ya tani 70 na kasi ya noti 145, kama kilomita 270 kwa saa, kwenye kipimo cha rubani. Kwa bawa la mita 34.3, na e ya 0.8, hesabu ile inatoa ukinzani wa takriban nyutoni 46,700. Angani kwa kasi kubwa, ndege hiyohiyo hulipa kama 15,000 hivi. Ni katika dakika hizi za polepole ambapo kunyanyua kunagharimu zaidi. Tuseme kibawa kinapunguza asilimia 5 tu: nyutoni 2,300. Zinaonekana chache, lakini ziada yote ya nguvu inayodaiwa na mpando ule ni 16,500, yaani asilimia 2.4 ya uzito wa ndege. Kibawa kimelipa sehemu ya saba ya deni.

Tuigeuze kuwa mzigo. Kila tani ya ziada hudai kama nyutoni 1,560, maana huongeza ukinzani na pia hudai kupandishwa. Basi nyutoni 2,300 zinabeba karibu tani moja na nusu. Toa kilo 200 hivi za vibawa vyenyewe, inabaki tani 1.3. Hao ni abiria kumi na wawili na mizigo yao, ambao wangeachwa Luano. Ni makadirio, kwa sababu uzito ukiongezeka kasi ya kuruka nayo hupanda kidogo, lakini ukubwa wa jambo ni huo.

Na kuna kitu ambacho hupita bila kuonekana: kwa kasi ileile ya kipimo, q ni ileile pwani na Luano. Kibawa kinaokoa nyutoni zilezile mahali pote. Injini ndiyo iliyopungukiwa, kwa hiyo huku juu kila nyutoni iliyookolewa ina thamani kubwa zaidi.

Faida hii ina mpaka wake. Ikiwa kinachozuia mzigo ni urefu wa njia ya kurukia, au kasi ya matairi, kibawa husaidia kidogo mno. Jedwali la uzito wa kuruka la siku hiyo ndilo huonyesha kizuizi ni kipi: mpando, njia, au milima iliyo mbele.

Kwenye njia fupi kama Goma kwenda Bukavu mambo hugeuka. Ni kama kilomita 100, ndege haifiki juu sana, na katika hewa nzito kwa kasi nzuri q ni kubwa, hivyo ukinzani wa kunyanyua unakuwa sehemu ndogo. Msuguano ndio unaokula mafuta. Kwa ndege ndogo za propela za njia kama hiyo, ningeuliza kwanza bei ya vibawa na saa ambazo ndege italala karakana ikifungwa, na nisingeshangaa jibu likiwa hapana.