Bei ya shilingi kutoka India: nani anaibeba dola ya Septemba?

"Sisi ni kikundi cha wabanguaji wa korosho, Masasi. Muuzaji wa India ametupa profoma ya mashine kwa dola 40,000: asilimia 30 sasa, inayobaki Septemba, kabla ya kupakia melini. Katibu anataka tumwambie aandike bei kwa shilingi ili tulale usingizi. Muuzaji amejibu: kwa shilingi ni milioni 112. Mwingine kikundini anasema tuombe kifungu cha kiwango cha dola. Tufuate lipi?"

Katibu wenu nampa haki yake kwanza, maana hoja yake si ya kijinga. Kikundi kinakopa shilingi, kinauza kwa shilingi, na wanachama walipitisha matumizi kwa shilingi. Dola ikipanda kati ya leo na siku ya kulipa, hakuna atakayekwenda Newala kuwaeleza wakulima habari za soko la fedha; ataulizwa pesa zimekwenda wapi. Bei ya shilingi inamwondolea kiongozi maswali hayo. Kwa mtu aliyewahi kusimamishwa mbele ya mkutano mkuu, hilo lina thamani yake.

Ila milioni 112 tuiangalie vizuri. Tuseme leo dola ni shilingi 2,600. Dola 40,000 ni milioni 104. Muuzaji ameongeza milioni 8, yaani kwake kila dola ya mkataba huu ni shilingi 2,800. Hapo wengi husema, "Basi dola ikivuka 2,800 tumefaidi." Hapana. Asilimia 30 mnailipa leo, kwa dola ya leo. Ni dola 12,000, sawa na milioni 31.2, na haina hatari yoyote, kwa sababu hakuna siku za kungoja kati yake na malipo. Hata hivyo ongezeko la muuzaji limewekwa juu ya bei nzima, pamoja na hicho kipande ambacho hakihitaji kinga.

Kwa hiyo milioni 8 yote inalinda dola 28,000 tu. Chukua milioni 112, toa milioni 31.2, inabaki milioni 80.8. Gawanya kwa 28,000, unapata karibu shilingi 2,886. Hicho ndicho kiwango ambacho dola lazima ifike siku ya malipo ya mwisho ili bei ya shilingi ianze kuwafaa. Ni kupanda kwa asilimia 11 ndani ya miezi minne. Mwaka 2024, ambao waagizaji wengi wanaukumbuka kwa uchungu, dola ilivuka kidogo 2,700 kati ya Agosti na Septemba, kisha ikateremka hadi karibu 2,400 mwisho wa Desemba. Mwaka 2025 ilikaribia tena 2,700 mwezi Mei, ikarudi chini ya 2,500 ilipofika Septemba. Katika misukosuko yote hiyo haikuigusa 2,886. Sisemi haitafika kamwe. Nasema mnalipa milioni 8 kwa bima ya tukio ambalo miaka hiyo miwili migumu haikulileta.

Wala muuzaji si mwizi. Watu wetu hukasirika haraka hapa, lakini hebu kaa kwenye kiti chake. Chuma na mishahara analipa kwa rupia. Shilingi ya Tanzania benki yake haiipokei wala haina soko huko kwake, na hajui mtalipa wiki ya kwanza ya Septemba au ya nne. Ameambiwa abebe sarafu asiyoweza kuiweka popote, kwa muda asioujua. Lazima aweke mto mnene. Ukimwomba mtu abebe kitu asichoweza kukishika, utamlipa zaidi ya uzito wake.

Ndiyo maana naona yule mwenzenu wa kifungu hajasikilizwa vya kutosha. Kifungu cha kiwango hakiombi punguzo, ingawa wauzaji wengi hukisoma hivyo mara ya kwanza, na wanunuzi wengi hukiandika hivyo pia, kwa kutaja kupanda kwa dola tu bila kutaja kushuka. Barua ya namna hiyo inastahili kukataliwa. Kifungu cha haki kinasema hivi: bei inabaki kwa dola, kiwango cha msingi ni 2,600, dola ikicheza ndani ya asilimia 3 juu au chini, yaani kati ya 2,522 na 2,678, kila mtu abaki na lake, ikivuka hapo, ziada igawanywe nusu kwa nusu, iwe imepanda au imeshuka.

Tukipige kwa namba za kwenu. Siku ya kulipa dola ni 2,720. Imevuka ukingo kwa shilingi 42. Nusu yake ni 21. Zidisha kwa 28,000, muuzaji anabeba shilingi 588,000, na ankara ya mwisho inapungua karibu dola 216. Ni kidogo, na lazima niseme hivyo waziwazi: kwa mtikisiko wa kawaida kifungu hiki hakiwapi kitu kikubwa. Kazi yake inaonekana mambo yakiharibika. Dola ikifika 2,900, ziada ni 222, nusu ni 111, na muuzaji anabeba milioni 3.1, ambazo ni dola 1,070 hivi. Kwa upande wa pili, dola ikishuka hadi 2,400, imepita ukingo wa chini kwa 122, nusu ni 61, nanyi mnamwongezea muuzaji milioni 1.7. Mtalalamika? Kwa kiwango hicho salio lenu pamoja na nyongeza hiyo ni kama milioni 69, badala ya milioni 72.8 mliyoipangia kwa 2,600. Mmempa muuzaji sehemu ya nafuu, na bado iliyobaki kwenu ni kubwa.

Kwetu kusini sehemu hii ya kushuka ina uzito wa pekee. Shilingi hupata nguvu zaidi miezi ya mwisho wa mwaka, mauzo ya nje yanapoleta dola, korosho zetu za minada zikiwemo. Mbanguaji wa Masasi au Nachingwea analipia mashine kabla ya msimu, dola ikiwa ghali, halafu pesa zake zinaingia msimu ukishaanza, dola ikiwa imelegea. Anayekubali bei ya shilingi mwezi Mei ameganda kwenye mawazo ya Mei. Malipo yakichelewa kwa sababu yoyote hadi Novemba, atakuwa analipia dola ya 2,800 huku benki ya pale Mtwara mjini inaiuza chini zaidi. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya sarafu, muulizeni muuzaji kama sehemu ya salio inaweza kusogezwa hadi baada ya minada ya kwanza. Wengine hukubali, na kusogeza tarehe huenda kukawasaidia kuliko kifungu chochote.

Mambo mawili huua kifungu kizuri. La kwanza ni kutotaja kiwango cha nani. Mmoja anasoma kwenye simu, mwingine ubao wa benki yake, mwingine duka la fedha. Andikeni: kiwango cha wastani cha dola kinachotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania kwenye tovuti yake, tarehe fulani. Muuzaji akiwa India atakiona mwenyewe bila kuwauliza. La pili ni tarehe. Kiwango kisomwe kabla ankara ya mwisho haijatolewa, ili kiasi kwenye ankara, kiasi mnachotuma benki na kiasi kinachokwenda forodhani viwe kimoja. Nimeona kikundi kilichokubaliana punguzo baada ya hati kuwasilishwa. Mzigo ulikaa bandarini, na gharama za kuuhifadhi zikala punguzo lote na zaidi. Ongezeni na sentensi moja kwamba mzigo ukichelewa kwa kosa la muuzaji, kiwango kitakachotumika ni cha tarehe aliyopaswa kupakia. La sivyo mtajikuta mnalipia uzembe wake. Na hayo yote yakae ndani ya profoma yenyewe. Ujumbe wa simu benki haiusomi.

Ikiwa mnalipa kwa elsii, yaani ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta hati zilizotajwa, badala ya kutuma pesa moja kwa moja, jihadharini. Benki inalipa kwa kuangalia hati, haina habari na makubaliano yenu ya pembeni. Elsii ikitaja dola 28,000 kamili na ankara ikaja na 27,784, mtaanza kuandikiana barua za marekebisho. Ombeni kiasi kiandikwe kwa neno "takriban". Kanuni za kimataifa za elsii zinalipatia neno hilo nafasi ya asilimia 10 juu au chini, ambayo inawatosha.

Sasa, lini katibu yuko sahihi? Kuna wauzaji wenye ofisi Dar es Salaam wanaolipa kodi ya pango, mishahara na usafiri kwa shilingi. Huyo shilingi anaitumia, na mto wake huwa mwembamba. Akiwaambia milioni 106.5, fanyeni hesabu ileile: toa 31.2, inabaki 75.3, gawanya kwa 28,000, ni karibu 2,689. Hapo dola ikipanda asilimia 3 na kidogo tu mmeshafaidi. Bei ya namna hiyo pokeeni, msijisumbue na kifungu. Muuzaji wa India akishuka hadi hapo, mpeni jibu hilohilo. Kwa 112 alizotaja sasa, mimi nisingesaini.

Kuna na wanaosema kanuni za mwaka 2025 zinamlazimisha muuzaji kuandika shilingi. Kanuni zile zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Kiwanda cha India hakimo. Msiitumie hoja hiyo kumtisha, atajua hamjui.

Kipo kitu kimoja ambacho si bei ya shilingi wala kifungu kinachokimaliza moja kwa moja. Mwaka 2023 hadi katikati ya 2024 shida kubwa ya waagizaji wengi ilikuwa kuipata dola, kuliko hata bei yake. Kiwango kilitangazwa kila siku, lakini benki iliwaambia wateja wasubiri. Bei ya shilingi ingemhamishia muuzaji foleni hiyo, na sehemu ya milioni zake 8 ni woga wa jambo hilo. Kwa muuzaji wa India kuna njia ya tatu: tangu 2023 benki za India zimeruhusiwa kufungua akaunti maalumu za rupia kwa ajili ya benki za Tanzania. Mtaendelea kubeba hatari ya sarafu, safari hii ya rupia, ila dola inatoka katikati na muuzaji anapata pesa anayoijua. Iulizeni benki yenu kama inaweza kulipa kwa njia hiyo kabla hamjamjibu muuzaji. Ikisema ndiyo, mwombeni profoma ya pili kwa rupia, muiweke mezani pamoja na ile ya dola na ile ya milioni 112, halafu katibu apige hesabu zote tatu mbele ya wanachama.