Maji Yamerudi, na Hilo Ndilo Tatizo

Hapa Ng'ambo, mjini Unguja, kukosa maji hatukulalamikii sana, kwa sababu mtu aliyezoea kukosa hujipanga: madumu yamejaa, kisima cha jirani kinajulikana, na kuoga kunafanywa kwa kopo. Kinachonishinda mimi ni maji kurudi. Bomba kubwa la barabarani likipasuka, mafundi huchimba shimo ambalo magari yatalizunguka hadi Ramadhani ijayo, hukata, huunga, hufukia nusu na kuondoka. Usiku, wakati wenye akili wamelala, mfereji wa uani unaanza kukohoa, unatema hewa, kisha unamwaga kitu ambacho ukikitia sukari unaweza kumkaribisha mgeni ukamwambia ni chai ya mkandaa.

Asubuhi barazani kila mtu ni mtaalamu. Ami yangu alishikilia kwamba mafundi wamelifukia bomba na udongo ndani, na nusu ya maneno yake yalikuwa na ukweli, jambo ambalo kwake ni nadra. Nusu nyingine alitueleza fundi bomba aliyekuja kunywa kahawa. Bomba la chuma lililokaa ardhini miaka mingi huota magamba ya kutu kwa ndani, na juu ya magamba hayo hulala mashapo laini ya chuma na manganizi. Maji yakipita kila siku kwa mwendo ule ule na upande ule ule, uchafu huo hutulia mahali pake na hakuna anayejua kuwa upo. Mafundi wakifunga valvu bomba hubaki tupu, na wakiifungua kwa pupa maji huingia kwa kasi yakiisukuma hewa mbele yake, pengine yakitokea upande ambao hayajawahi kutokea, na kasi hiyo ndiyo inayokwangua kila kilichokuwa kimelala. Ndiyo maana hata nyumba yenye mabomba ya plastiki pekee hupata rangi ile ile: plastiki haioti kutu, lakini hupokea kinacholetwa na bomba la mbele yake.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kulalamikia rangi, nikaambiwa kuwa rangi ndiyo sehemu isiyo na madhara makubwa. Chuma kikifika kiasi cha miligramu 0.3 kwa lita, huanza kutia madoa nguo na masinki na kuyapa maji ladha ya msumari, lakini hicho si kiwango cha kumuuguza mtu. Kanzu ndiyo inayougua. Shemeji wa nyumba ya pili alitia mashineni kanzu nyeupe za Ijumaa kabla maji hayajatulia, zikatoka na mabaka ya rangi ya machungwa, naye kwa hasira akazimiminia jiki. Jiki ni klorini, na klorini hukikamilisha chuma kuwa kutu na kulikaza doa kwenye uzi. Doa la kutu linahitaji ukali wa ndimu, na ndimu yenyewe itumike baada ya nguo kusuuzwa jiki yote ikatoka, kwa kuwa jiki ikikutana na kitu kikali hutoa hewa yenye sumu. Kanzu zile sasa zinavaliwa shambani.

Kinachouguza watu hakina rangi. Bomba lililokatwa lilikuwa wazi ndani ya shimo, na shimo lilikuwa na maji machafu. Hata mbali na shimo, msukumo wa maji ukishuka, kila tundu dogo lililokuwa likivujisha maji nje linaweza kugeuka na kuvuta ndani kilichopo ardhini, na ardhi yetu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa, pamoja na mashimo ya vyoo yaliyosogeleana namna hii, haichelewi kumpatia mtu kipindupindu au homa ya matumbo. Mwenye ghorofa mtaani kwetu huongeza chumvi kwenye kidonda kwa kuunga pampu yake moja kwa moja kwenye bomba la barabarani. Inaponguruma, inanyonya maji yake na inanyonya pia kwenye matundu ya kila mtu, halafu yeye ndiye wa kwanza kulalamika kuwa watoto wanaharisha.

Kwa hiyo kuna kazi mbili, na ni kosa kudhani kuwa ya kwanza inamaliza ya pili. Ya kwanza ni kuiondoa rangi. Kabla ya kufungua chochote, funga koki inayopeleka maji kwenye tangi, maana mashapo yakishaingia humo yatakaa chini na kutoka kidogo kidogo kila utakapofungua, mpaka ulioshe. Kisha fungua mfereji wa chini kabisa, ulio karibu na mita, uache utoke kwa nguvu, na kinachotoka ukikinge kwenye ndoo kwa ajili ya choo na kudekia. Mita itayahesabu maji hayo kwa bei ile ile ya maji safi, na kwa taarifa yako huzunguka hata kwa ile hewa, lakini hilo nitalilalamikia siku nyingine. Kinga glasi, iweke mbele ya sahani nyeupe. Ikiwa maji ni meupe mithili ya maziwa na yanaanza kung'aa kutoka chini kwenda juu, hiyo ni hewa tu. Ikiwa uchafu wa hudhurungi unashuka chini, endelea kumwaga. Na ikiwa yaling'aa kisha yakageuka tena kesho yake, waarifu wenye bomba, kwa sababu huenda bado kuna valvu inayochezewa au kiungo kinachovuta udongo.

Kazi ya pili ni kuyafanya yanyweke, na hapa macho hayafai kitu. Waliounga bomba wanapaswa kulimwaga, kulitia klorini, kisha kuchukua sampuli. Kipimo cha kawaida cha vijidudu vya kinyesi huhitaji karibu siku nzima maabara, hivyo hakuna anayeweza kukuhakikishia usalama saa ile ile maji yalipong'aa. Mpaka sheha atangaze kuwa majibu ni mazuri, maji ya kunywa, ya kusukutua mdomo, ya barafu, ya juisi na ya maziwa ya mtoto yachemshwe mpaka yafurukute kwa dakika nzima, yafunikwe na yapoe humo humo. Kuchemsha hakuondoi kutu, kwa hiyo yaache kwanza yatuame na uyamimine taratibu ukiyabakiza ya chini. Anayetumia vidonge vya klorini afanye vivyo hivyo, kwa sababu tope na chuma huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu, kisha afuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na asubiri nusu saa. Tangazo lisipokuja, chemsha tu.

Ami yangu alikuja jana na glasi iliyokuwa iking'aa, akainyanyua juani ili barazani tuione. "Maji haya yana kasoro gani?" akauliza. Fundi akamuuliza ikiwa kwenye glasi ile ameona kidudu. Ami akasema hakuona hata kimoja. "Basi ami," fundi akamwambia, "na mimi sivioni, kwa hiyo usinywe."