Msemaji wa posa siyo MC, jamani

Hii tabia ya kukodi MC aje kupokea posa imenichosha. Majuzi hapa Mtwara mjini wazee wa watu wametoka Lindi alfajiri, wamesimama mlangoni juani na bahasha yao imefungwa kwenye leso, jamaa kashika maiki anawaambia hapiti mtu bila pesa ya mlango. Wakatoa. Wakaingia, ikaja pesa ya kukalia mkeka, halafu pesa ya kumfungua yeye mdomo, na kila noti anaihesabu kwa sauti watu wapige vigelegele. Mwisho mshenga akaomba watoke nje kidogo. Wageni wakiomba kutoka nje kabla barua haijapokelewa, jua msemaji ameshaharibu.

Haya, pesa ya hodi ipo tangu zamani, sikatai, na kidogo yake inachangamsha. Ila inaombwa mara moja, kwa sauti ya utani, na wageni wakisema tumeishiwa njiani msemaji anacheka nao anawakaribisha ndani, basi.

Ninachokililia mimi ni utani wenyewe, maana upo unaomkalisha mgeni vizuri na upo unaomvua nguo. Nimewahi kumsikia msemaji mmoja Masasi, mzee wa Kiyao, anapokea Wangoni waliotoka Songea kupitia Tunduru. Sasa anayejua historia anajua mwaka 1882 Wangoni, wenyeji wa kule wakiwaita Magwangwara, waliivamia misheni ya Masasi wakachukua na watu, na kwetu maadui wa zamani wanageuka watani. Mzee akawaacha wanywe maji kwanza, wakaulizwa habari za njiani na za nyumbani, ndo akasimama taratibu: “Watani zetu, karibuni sana. Wazee wenu walipofika hapa zamani hawakupiga hodi, na walichokitaka walichukua. Leo nyinyi mmevua viatu mlangoni na mmekuja na barua, kwa hiyo tumeamini shule zimefika Songea. Semeni, safari hii mmefuata nini?” Nyumba nzima ikaanguka kicheko, na mshenga naye hakulala: “Mzee, safari ile tulisahau mmoja, tumemrudia kwa adabu.”

Angalia alichofanya. Hajagusa mfuko wa mtu, wala sura ya kijana, wala kabila la mama yake. Ameshika kitu ambacho pande zote mbili wanakijua na wameshasameheana, kisha kamwachia mshenga nafasi ya kujibu. Huyo wa kukodi hawezi hivyo hata umlipe mara tatu, kwa sababu hajui wageni ni watani wa nani, hajui nani kafiwa mwezi uliopita, hajui kama bibi wa binti anaumwa chumba cha pili. Na mgeni asiye mtani wenu huwezi kumrushia neno kama lile, huyo unatania upande wako mwenyewe, unamwambia nyumba hii ina mabinti wengi na wote wanakula, tuambie unamtaka yupi tujue tunapunguza chungu gani.

Halafu kuna mjomba. Kwetu huku, uwe Mmakonde, Mmakua, Myao au Mmwera, ukoo umefuata upande wa mama na binti ana mjomba wake, sasa unamkodi mtu wa nje anasimama kutaja mahari mjomba amekaa pembeni kama mpita njia! Msemaji anakaa na mjomba na baba kabla wageni hawajafika, anaambiwa barua inapokelewa leo au hapana, na mahari inatajwa leo au siku ya majibu. Akiulizwa kitu ambacho hajatumwa anasema, “Hilo lina mwenyewe, ngoja nikamuulize,” na anainuka kweli anakwenda ndani. Yule mzee wa Masasi aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akampa mjomba bila kuifungua mbele za watu, kisha akaomba binti aitwe. Akamuuliza kwa upole, “Mwanangu, wageni hawa unawajua? Tuipokee barua yao au tuwape nauli warudi?” Binti akajibu kwa sauti ndogo, ipokeeni, shangazi zake ndo wakapiga vigelegele. Hapo siyo maigizo, hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hiari ya wote wawili.

Baada ya hapo akawaambia wageni majibu watayapata kupitia mshenga baada ya ukoo kukaa, chakula kikaja.

MC mwiteni siku ya harusi, maiki yake na spika zake tutazifurahia. Siku ya posa tafuteni mzee wa ndani anayewajua watu, hata kama sauti yake haifiki uani.