Kumuuliza mgonjwa "unafikiria kujiua?" waziwazi: wanaoogopa wana hoja, ila sio ile wanayoisema

"Mwalimu, si ndo tunampa wazo? Mtu kaja kwa kukosa usingizi tu, mi namuuliza habari za kujiua, akienda akajiua kweli?"

Hilo ni swali la wanafunzi wangu wa uuguzi. Hapana, humpi wazo. Mapitio ya tafiti 13 yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakukuta kwamba kuuliza kunaongeza mawazo ya kujiua, na kuna walioonekana kupata nafuu kidogo baada ya kuulizwa. Ila kuna kuuliza na kuuliza, na hapo ndo wanaoogopa wana hoja bila wenyewe kujua.

Wiki iliyopita tuliigiza darasani. Mmoja kawa kijana wa bodaboda wa miaka 27, pikipiki imechukuliwa na aliyemkopesha, usingizi hapati, mke karudi kwao. Mwenzake ndo nesi. Kijana akasema, "natamani nilale nisiamke." Nesi akajibu fasta, "usiseme hivyo kaka, Mungu yupo, huwazi mambo mabaya lakini eti?" Kijana akaangalia chini akasema hapana, mahojiano yakaisha hapo hapo, na kwenye fomu nesi angejaza kwamba mgonjwa amekana! Lile swali lilikuwa na jibu lake ndani, kijana kapewa "hapana" mkononi akairudisha tu. Na "mambo mabaya" ni nini? Madeni? Kuiba?

Tukarudia. Safari hii nesi alinyamaza kidogo halafu akasema, "watu wakibanwa hivi kuna wanaofikia kuwaza kujiua, wewe je, umewaza kujiua?" Neno lenyewe, bila kulizungusha. Kijana akajibu ndio. Baada ya hapo maswali yana mpangilio wake: umewaza utafanyaje, umeshaanza kujiandaa, una nia ya kufanya kweli au ni wazo linakuja na kupita, umewahi kujaribu, lini. Mpangilio huo unafanana na wa fomu ya Columbia ya kupima hatari ya kujiua, ambayo inaanza na kutamani kufa tu na kupanda hadi mtu alichokifanya ndani ya miezi mitatu iliyopita. Kuuliza alichowaza kutumia ni muhimu sana, ila uliza ili ujue cha kuondoa nyumbani, usichimbe zaidi ya hapo, na usianze kumtajia njia moja moja achague, hapo ndo unaharibu.

Sasa kuna mabishano ya fomu yenyewe. Manesi wazoefu wanaichukia, wanasema unaishia kuangalia karatasi badala ya uso wa mtu, na kweli nimeona mwanafunzi anauliza swali la nne wakati mgonjwa analia kwenye la pili. Upande wa pili, nesi mgeni yuko peke yake zamu ya usiku, bila orodha atasahau kuuliza kama mtu alishajaribu, na hilo sio la kusahau kabisa. Mi nasema ishike mpangilio kichwani, ujaze baadaye. Ninachokataa ni ile tabia ya kumgonga mtu muhuri wa "hatari ndogo" ukamruhusu. Mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unakataza kutumia fomu na hayo madaraja ya chini, kati na juu kubashiri nani atajiua au nani atibiwe, sababu hayabashiri vizuri, na wengi wanaokuja kufa walikuwa kwenye daraja la chini.

Kwahiyo yule kijana hatukumpa maksi, tuliandika naye mpango. Dalili kwamba wazo linakuja (kwake ni saa nane usiku akishaamka kuwaza deni), anachoweza kufanya mwenyewe, aende kwa nani, ampigie nani, na kile alichokifikiria nani akitoe ndani leo leo. Alimtaja shemeji yake, na nesi akaomba ruhusa ampigie kabla kijana hajainuka kwenye kiti. Kama angesema nia ipo na maandalizi yapo, asingeachwa peke yake hata dakika ya kwenda chooni, mpaka daktari amuone.

Kitu kimoja kinatubana huku kwetu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa (Kenya Mahakama Kuu ilikifuta cha kwao Januari 2025), kwahiyo mgonjwa anaweza kukana sababu anaogopa polisi, sio kwamba hawazi. Usimwahidi siri ya kila kitu, utakuja kuivunja. Mwambie mapema nani utamwambia na kwanini.

Na aliyeigiza mgonjwa mtoe kwenye huyo mtu kabla kipindi hakijaisha, aitwe jina lake, aseme jioni anaenda kula nini. Mwanafunzi ambaye kwao kuna aliyejiua anakaa pembeni na haulizwi sababu. Kijana wetu wa bodaboda alisema anaenda kula ugali na dagaa, darasa likacheka, halafu akasema lile swali lilipoulizwa waziwazi alihisi kupumua, na alikuwa anaigiza tu.